eCitizen inapokataa kukufungulia: laini isiyo yako tena, jina lisilolingana

Kwenye saiba yangu Likoni, asubuhi haipiti bila mtu kuingia na simu mkononi akiniambia, "Dada, eCitizen imenikataa." Nikimuuliza imemkataaje, jibu huwa lile lile: imekataa tu. Kazi yote huanzia hapo, kwa sababu mfumo hukataa kwa namna mbalimbali na kila namna ina chanzo chake. Wengi hufika kwangu wakiwa wameshaharibu zaidi: wamebahatisha nywila mpaka wakafungiwa, au wamejaribu kufungua akaunti ya pili kwa kitambulisho kile kile, jambo ambalo haliwezekani.

Kabla ya kugusa chochote, elewa kwamba taarifa zako ziko mahali patatu palipo mbalimbali. Mahali pa kwanza ni akaunti yenyewe ya eCitizen, ambayo imehifadhi nambari ya simu na barua pepe ulizotoa siku ya kujisajili. Pa pili ni kampuni ya simu, inayojua laini ile imeandikishwa kwa jina la nani leo. Pa tatu ni daftari la serikali la watu, lenye majina yako, nambari ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa. Ukibadilisha kitu mahali pamoja, kwingine hakubadiliki. Ukipoteza laini, eCitizen haiambiwi. Ukiolewa na kuongeza jina kwenye kitambulisho, kampuni ya simu haina habari. Akaunti inapokataa kufunguka huku nywila ni sahihi, mara nyingi sehemu mbili kati ya hizi tatu zimeacha kukubaliana, na utatuzi ni kujua ni zipi.

Nywila imekubaliwa, lakini msimbo haufiki

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo zaidi. Umeweka nambari ya kitambulisho au barua pepe, ukaweka nywila, mfumo ukakubali, kisha ukasema umekutumia msimbo. Simu yako imenyamaza.

Usibonyeze tena. Soma kwanza kilichoandikwa kwenye kioo. Kwa kawaida nambari ya simu au barua pepe ambayo msimbo umetumwa huonyeshwa ikiwa imefichwa nusu, tarakimu chache tu zikiachwa wazi. Linganisha tarakimu hizo na laini iliyo mkononi mwako. Zikilingana, shida si ya utambulisho hata kidogo, ni ya ujumbe kutofika. Zima simu uiwashe, hakikisha kuna mtandao, futa jumbe za zamani ikiwa simu ndogo imejaa. Kwa laini ya Safaricom piga `*456*9*5#` uone kama uliwahi kuzuia jumbe za matangazo. Nimeshaona mtu aliyezuia kila kitu kwa hasira ya matangazo ya kamari, na misimbo yake ikazuiwa pamoja nayo. Ukiomba msimbo mara tatu mfululizo, tumia ule wa mwisho kufika. Ya awali inakuwa imeshakufa, na ukiiandika utaambiwa si sahihi, uanze kutafuta kosa mahali lisipokuwa.

Tarakimu zisipolingana, basi akaunti inaongea na laini nyingine. Sasa swali ni moja: laini ile iko wapi?

Ikiwa ni yako na umeipoteza au simu iliibwa, usianzie eCitizen, anzia kwenye kampuni ya simu. Nenda dukani kwao na kitambulisho halisi, urudishiwe laini ile ile kwenye kadi mpya. Ikishawaka, msimbo utafika na akaunti itafunguka bila kuhitaji idhini ya mtu. Nimeona watu wakipoteza wiki mbili wakiandikia eCitizen kuomba nambari ibadilishwe, ilhali kurudisha laini kungewachukua asubuhi moja.

Ila kuna masharti mawili. La kwanza, laini iwe imeandikishwa kwa jina lako. Piga `*106#` kwenye laini yoyote uliyo nayo ya mtandao huo, uone nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Hapa pwani ni kawaida sana laini ya mama kuwa imeandikishwa kwa kitambulisho cha mwanawe, au ya kijana kwa jina la mjomba, kwa sababu alipoinunua alikuwa hajapata kitambulisho. Ikiwa hivyo, ni mjomba atakayekwenda dukani, si wewe. La pili, laini iwe bado haijauzwa upya. Laini isiyotumika kwa miezi kampuni huichukua na kumpa mteja mwingine. Njia rahisi ya kujua ni kufungua programu ya M-PESA, uanze kana kwamba unatuma pesa kwa nambari ile. Jina la mwenyewe litatokea kabla hujaweka namba ya siri. Ukiona jina usilolijua, ghairi hapo hapo. Laini ina mwenyewe mpya, hairudi tena, na misimbo yako inaingia kwenye simu ya mtu mwingine. Hali hii nataka uichukulie kwa uzito, kwa sababu mtu huyo akijua nambari ya kitambulisho chako amebakiza hatua chache tu kuingia.

Barua pepe ni mlango wa pili

Pale mfumo unapokupa nafasi ya kuchagua msimbo uende wapi, chagua barua pepe. Watu huruka kitufe hiki kwa sababu wamezoea ujumbe wa simu. Kwa Wakenya walioko Ghuba, hasa waliokwenda Saudia na Katari kufanya kazi za nyumbani, huu mara nyingi ndio mlango pekee. Laini ya Kenya ilikufa zamani, na pasipoti inataka kufanywa upya kupitia eCitizen. Ukiwa na barua pepe hai, utaingia, ufungue sehemu ya wasifu, na uweke nambari mpya ya simu papo hapo. Mfumo utaithibitisha nambari hiyo mpya kwa msimbo, kwa hiyo iwe ni laini unayoweza kuisoma wakati huo huo. Usiweke ya dada yako aliye kazini.

Ikiwa barua pepe nayo imekufungia, fufua barua pepe kwanza. Na kama hapo nyuma ulimwachia mtu mwingine akufungulie akaunti, basi soma kisa kinachofuata kwa makini.

Kisa cha dereva na nambari inayoishia 41

Dereva mmoja wa lori alikuja kwangu Jumatatu. Leseni yake ilikuwa imebakiza siku tisa kuisha, na mwajiri alimwambia bila leseni hapandi gari. Kwa kuwa huduma za NTSA sasa huingiwa kwa akaunti ya eCitizen, hakukuwa na njia ya kuzunguka. Aliweka kitambulisho na nywila iliyoandikwa nyuma ya risiti ya zamani, na ilikubaliwa. Mfumo ukasema msimbo umekwenda kwa simu inayoishia 41.

"Dada, mimi hiyo nambari siijui. Sijawahi kuwa na 41 maishani."

Nikamuuliza akaunti ilifunguliwa na nani. Akafikiri kidogo, akasema ni saiba moja mjini, miaka mingi iliyopita, alipokuwa anaomba cheti cha mwenendo mwema. Yule wa saiba hakutaka kusumbuka kumuuliza nambari, akaweka yake, na barua pepe yake pia. Siku ile kazi iliisha haraka na wote wawili wakaridhika. Lakini tangu hapo, mbele ya mfumo, dereva huyu alikuwa na simu na anwani ya mtu mwingine.

Alikuwa ameshajaribu kufungua akaunti mpya akiwa nyumbani. Mfumo ulimjibu kwamba kitambulisho hicho tayari kina akaunti. Hilo si kosa la mfumo. Kitambulisho kimoja hubeba akaunti moja tu, na hata ukitumia barua pepe mpya na laini mpya, ukifika kwenye nambari ya kitambulisho utagonga ukuta ule ule. Kwa hiyo akaunti ya zamani haikimbiwi, inabidi ikombolewe.

Tulianza na njia fupi: tafuta mwenye 41. Tulijaribu jina kwa njia ya M-PESA niliyoieleza, likatokea jina la mwanamke ambaye dereva hakumfahamu. Laini ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Saiba yenyewe ilifungwa zamani. Barua pepe ilionyesha herufi ya kwanza na kikoa tu, haikutufaa kitu. Njia fupi ikaishia hapo.

Njia ndefu ni kuthibitisha kwamba wewe ndiwe mwenye kitambulisho, mbele ya afisa anayeweza kukilinganisha na sura yako. Nilimtuma Huduma Centre ya Mombasa, pale kwenye jengo la Posta, kesho yake asubuhi, nikamwandikia kwenye karatasi mambo ya kubeba: kitambulisho halisi na nakala yake, laini mpya ikiwa ndani ya simu yenye chaji, na barua pepe mpya ambayo tuliifungua pamoja pale pale kwangu, nywila yake akaiandika mwenyewe kwenye kijitabu chake. Pia nilimwandikia sentensi moja ya kusema kaunta, kwa sababu watu wengi hufika pale na kusema "eCitizen imekataa", wakaelekezwa mahali pasipo pao. Sentensi ilikuwa hii: "Akaunti yangu imesajiliwa kwa simu na barua pepe zisizo zangu, naomba zibadilishwe ziwe hizi."

Alirudi mchana. Simu na barua pepe zilikuwa zimebadilishwa. Tukaingia, msimbo ukafika kwenye laini yake mwenyewe, na kabla ya kugusa leseni tukabadilisha nywila, maana ile ya zamani ilijulikana na mtu wa saiba. Ndipo tukaomba leseni, akalipa.

Ilibaki jambo moja ambalo hakuwa amelifikiria. Mtu yule yule wa saiba ndiye aliyemfungulia PIN ya KRA. iTax ina barua pepe yake yenyewe, mbali na ya eCitizen, na kubadilisha huku hakubadilishi kule. Tulipoangalia, ilikuwa ni anwani ile ile ya zamani. Hilo lilihitaji ombi lake KRA, na nilimsihi alifanye wiki hiyo hiyo, asingoje Juni mwishoni, wakati kila mtu anakimbilia kuwasilisha ritani na foleni haisogei.

Kwa aliye mbali na Huduma Centre, au nje ya nchi, njia ni kuandikia `support@ecitizen.go.ke`. Andika kwa ufupi: majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, simu ya zamani ikiwa unaikumbuka, simu na barua pepe mpya, na picha ya kitambulisho pande zote mbili inayosomeka. Tuma barua moja, kisha ujibu ndani ya mazungumzo yale yale. Ukianzisha barua mpya kila siku, kila moja inaonekana kama ombi jipya.

Mfumo unasema taarifa zako hazilingani

Hapa simu haihusiki. Umeweka kitambulisho, jina la kwanza na tarehe au mwaka wa kuzaliwa, nao mfumo ukajibu kwamba taarifa hazikupatikana au hazilingani. Unachoandika kinalinganishwa na daftari la watu la serikali, na kompyuta hainyooshi mambo kama mtu anavyoweza. Kama kitambulisho kinasema MOHAMED nawe ukaandika Muhammad, kwake hao ni watu wawili.

Weka kitambulisho mbele yako, usiandike kwa kumbukumbu. Kosa la kwanza la kutazama ni nambari. Kitambulisho cha kizazi cha pili, kile ambacho wengi bado wanacho, kina nambari mbili juu: nambari ya mfululizo yenye tarakimu 9, na nambari ya kitambulisho, ambayo kwa wengi ina tarakimu 8. Inayotakiwa ni ya pili. Nambari ya mfululizo ni ya kadi yenyewe, na kila unapopewa kadi mpya hubadilika. Ndiyo sababu mtu aliyepoteza kitambulisho na kupewa kingine huniambia "nambari yangu ilibadilika". Nambari ya kitambulisho haikubadilika. Alikuwa anaandika ile ya kadi.

Kosa la pili ni mpangilio wa majina. Mfumo ukiomba jina la kwanza, unataka lile linalotangulia kwenye kitambulisho, si lile unaloitwa mtaani. Mwanamume anayejulikana kwa jina la Hamisi mtaa mzima, huenda kitambulisho kinaanza na Juma. Andika Juma. Wengine majina mawili yameandikwa kwa kuunganishwa, au kuna alama ya ritifaa katikati kama Ng'ang'a. Jaribu kwanza kama yalivyo kwenye kadi, halafu bila ritifaa. Ukishindwa mara mbili, acha. Usiendelee kubahatisha.

La tatu ni tarehe. Wazee wengi vitambulisho vyao vina mwaka tu, siku na mwezi zimeandikwa sufuri: 00.00.1958. Fomu inayotaka uchague siku kwenye kalenda haina sufuri ya kuchagua. Nilikuwa na bibi mmoja wa Mtongwe, mwenye kitambulisho kama hicho, ambaye wajukuu watatu walishamjaribia tarehe tofauti tofauti. Niliwaomba waache, kwa sababu tarehe ya kubuni ikipita mahali pamoja itamsumbua kwingine, siku ya pasipoti au ya malipo ya uzeeni. Afisa wa usajili anaweza kuona kilichoandikwa ndani ya daftari, na hiyo ndiyo tarehe ya kutumia kila mahali.

Ikiwa umeandika kila kitu kama kilivyo kwenye kadi na bado mfumo unakataa, basi kosa liko ndani ya daftari, si kwenye vidole vyako. Huenda herufi iliingizwa vibaya siku ya kusajiliwa, au umebadilisha jina na kadi mpya bado haijaonekana kwenye mfumo. Hapo eCitizen hawawezi kukusaidia, kwa sababu wao wanasoma tu, hawaandiki. Nenda ofisi ya usajili wa watu ya wilaya yako ukiwa na kitambulisho na cheti cha kuzaliwa. Aliyeongeza jina la mume abebe cheti cha ndoa. Aliyebadilisha jina kabisa abebe hati ya kubadili jina, yaani deed poll, na nakala ya tangazo la Gazeti Rasmi. Omba daftari lirekebishwe, na kabla ya kuondoka uulize kama marekebisho yameingia au yametumwa Nairobi yakingoja, kwa sababu yakiwa yanangoja, kurudi kwenye eCitizen jioni hiyo ni kujichosha bure.

Umeingia, lakini ndani una jina la zamani

Hili huwapata sana wanawake walioolewa baada ya kufungua akaunti. Kitambulisho kipya kina jina la mume, lakini akaunti bado inaonyesha majina ya awali kwa sababu ilihifadhi nakala siku ya kwanza. Kila kitu kinaonekana sawa mpaka siku ya kuomba pasipoti, ambapo fomu inajijaza jina la zamani nawe umebeba kadi mpya. Usijaze fomu hiyo wala usilipe. Omba wasifu usasishwe kutoka kwenye daftari, ama Huduma Centre ama kwa barua pepe ya msaada, ukiambatanisha kadi mpya. Dada mmoja aliyekuja kwangu alikuwa ameshalipia pasipoti kwa jina la zamani, na kurekebisha ombi lililolipiwa kulimchukua muda mrefu kuliko kurekebisha akaunti.

Na jambo la mwisho, nalisema kwa sababu nimemwona mama akilia kwenye benchi langu. Ukiandika mtandaoni kwamba eCitizen imekufungia, ndani ya dakika chache watu watakuandikia wakijiita maafisa, wenye picha ya nembo ya serikali. Watakuomba nambari ya kitambulisho, kisha watakuomba msimbo "utakaoingia sasa hivi". Msimbo huo ndio ufunguo. Afisa wa kweli hauhitaji, iwe kaunta au kwenye simu. Kama umeshautoa na bado unaweza kuingia, ingia sasa, badilisha nywila, uangalie kama simu na barua pepe kwenye wasifu ni zako. Kama zimeshabadilishwa, beba kitambulisho uende Huduma Centre asubuhi inayofuata, na useme sentensi ile ile niliyomwandikia dereva.